Arifa za bajeti kwenye AWS: kwa nini yetu ilinyamaza bili ikipanda

Muhula uliopita tulikuwa wanne kwenye mradi mmoja, tukikaa hosteli Kikoni hapa Kampala. Mradi ni mfumo mdogo wa kukusanya bei za matoke na maharagwe sokoni. Tuliuweka AWS, huduma ya Amazon ya kukodi seva, na kadi iliyofunguliwa akaunti ni yangu, ninayoiwekea pesa kutoka kwenye simu. Kwa hiyo bili ilinihusu mimi kwanza.

Tulidhani tumejilinda. Kila kitu tulikibandika lebo `mradi` yenye thamani `soko`, kisha tukafungua bajeti ya dola 10 kwa mwezi inayohesabu vitu vyenye lebo hiyo tu. Barua pepe ingekuja tukifika asilimia 50. Mwezi ukaisha bila barua hata moja, halafu bili ikaja: dola 17.20, zaidi ya shilingi elfu sitini za Uganda.

Nilifungua Cost Explorer, ukurasa wa AWS wa kuchambua gharama, nikapanga gharama kwa lebo. Mstari wa `soko` ulikuwa dola 4. Dola 13.20 zilikaa kwenye mstari ulioandikwa `No tag key: mradi`. Kwa upande wa huduma ziligawanyika, nyingi zikiwa chini ya `EC2-Other`, jina lisilomwambia mtu chochote. Nilipopanga kwa `Usage type` ndipo nikaona `NatGateway-Hours`, saa 264.

Mwenzetu mmoja alikuwa ameiweka seva ya hifadhidata kwenye mtandao wa ndani, usiofikika kutoka nje. Ili seva ile ipakue programu zake, akaunda NAT Gateway, lango la kuiwezesha seva ya ndani kufika intaneti, kwa mkono, bila lebo. Kazi ikaisha Ijumaa, akaifuta seva. "Ndugu yangu, mimi niliifuta seva yenyewe, nikajua yote yameondoka," aliniambia, na nilimwelewa. NAT Gateway haifi pamoja na seva. Kwenye eneo la `us-east-1` tunalotumia, hutozwa dola 0.045 kwa saa hata kama hakuna data inayopita, na anwani yake ya IP ya umma dola 0.005 kwa saa. Kwa siku ni dola 1.20. Yetu ilikaa siku 11.

Bajeti yetu basi haikukosea. Tuliiambia ihesabu vyenye lebo, ikahesabu vyenye lebo. Kitu kilichosahauliwa mara nyingi ndicho hichohicho kilichoundwa haraka bila lebo, na bajeti ya aina hii haiwezi kukiona.

Sasa tuna bajeti mbili. Ya kwanza ni ileile ya lebo, inatuonyesha mradi unakula kiasi gani. Ya pili haina kichujio chochote, inaangalia akaunti nzima, na ni ya kila siku: dola 1. Matumizi yetu ya kawaida hayafiki senti 20 kwa siku, kwa hiyo NAT Gateway moja ikiachwa siku nzima lazima ivuke mstari.

Lebo zina mambo yake. Kuibandika kwenye kitu hakutoshi. Lazima uiwashe kwenye ukurasa wa `Cost allocation tags` upande wa bili, na inaweza kuchukua saa 24 kuonekana pale, kisha nyingine 24 kuanza kufanya kazi. Herufi kubwa na ndogo ni vitu tofauti: `Mradi` na `mradi` ni lebo mbili. Hilo lilitupata wiki ya kwanza tu. Kubandika kitu kilichokwisha kuundwa ni amri moja:

```
aws ec2 create-tags --resources nat-0a1b2c3d \
  --tags Key=mradi,Value=soko
```

Kuhusu arifa zenyewe, naziamini, ila kwa kiasi chake. Takwimu za bili husasishwa takriban kila baada ya saa 8 hadi 12, kwa hiyo barua hukuta saa kadhaa zimeshalipiwa. Na arifa peke yake haizimi kitu. Zipo hatua za kiotomatiki za kusimamisha seva za EC2 au hifadhidata za RDS, lakini NAT Gateway haimo kati ya vinavyosimamishwa hivyo. Ndiyo sababu niliweka dola 1 wala si 5.

Wiki tatu baadaye barua ya dola 1 ilikuja asubuhi. Mtu alikuwa amejaribu mtandao wa ndani tena. Tukaifuta NAT Gateway kabla ya kwenda darasani, na kesho yake barua haikuja. Lakini nilipofungua ule mstari wa `No tag key: mradi`, senti 12 kwa siku zilikuwa bado zinaingia, `PublicIPv4:IdleAddress`: ukifuta NAT Gateway, Elastic IP yake, ile anwani ya umma, hubaki kwenye akaunti mpaka uende kubofya `Release`. Bajeti ya dola 1 isingeiona kamwe, na ndiyo maana mstari ule naufungua kila Jumatatu.