GY-271: Dira ya bei poa, lakini usiifunge popote tu

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo tuko na hii GY-271, kipande kidogo cha magnetometa ambacho wengi mnakifunga kwenye roboti za magurudumu ili zijue zinaelekea wapi. Mliandika kwenye maoni kwamba inadanganya. Nimekaa nayo, na jibu langu ni kwamba sensa yenyewe haina neno. Shida ni majirani tunaoipa.

Kwanza hakikisha umenunua nini. Sogeza kamera hapa kwenye chipu. Tangazo la dukani linasema HMC5883L, lakini juu yake imeandikwa DA 5883, maana yake ni QMC5883L. Sio balaa, ila inaitika kwenye anwani ya 0x0D badala ya 0x1E, na maktaba ya HMC haitaiona kabisa. Ukiona sifuri tupu, usikimbilie kuchoma risasi upya, badilisha maktaba.

Sasa twende kwenye kazi. Nimeifunga kwenye roboti, betri iko ndani, mota ziko mahali pake, skrubu zote zimekazwa. Hapo ndipo unapofanya kalibresheni, sio sensa ikiwa peke yake juu ya meza, kwa sababu sumaku za mota na vyuma vya fremu vinasafiri na roboti, na ndivyo unavyotaka kuvipima. Zungusha roboti polepole mzunguko mzima kwenye sakafu, na programu ishike kiwango cha chini na cha juu cha kila mhimili.

Tazama namba zangu, kwa maikrotesla. X imetoka -12 mpaka 48. Y imetoka -36 mpaka 24. Kama pasingekuwa na kitu kinachoivuta, zote zingezunguka sifuri. Katikati ya X ni 18, katikati ya Y ni -6. Basi:

```
x = x_ghafi - 18
y = y_ghafi + 6
pembe = atan2(y, x) * 180 / PI
```

Hapa X inatazama mbele na Y inatazama kushoto. Nikiielekeza mashariki, sensa inasoma X 18 na Y 24. Bila kusahihisha, hesabu inatoa digrii 53. Baada ya kusahihisha, X ni 0, Y ni 30, na unapata 90 yako safi. Kosa la digrii 37 limeondoka kwa kutoa na kujumlisha tu! Angalia pia upana: nusu ya X ni 30, nusu ya Y nayo ni 30, kwa hiyo duara langu halijabonyea. Ukipata 30 na 20, kuna chuma karibu kinachopinda uga wa sumaku, na hapo ugawe kila mhimili kwa nusu ya upana wake kabla ya kutafuta pembe.

Hiyo 30 nayo ina maana. Uga wa dunia unaolala sambamba na ardhi hapa Nairobi ni karibu maikrotesla 30. London hauzidi 20, kwa hiyo dira yetu ina nguvu zaidi ya kushindana na kelele kuliko ya yule jamaa wa video za Ulaya. Raha iliyoje.

Lakini kuna kitu kalibresheni haikiwezi, nacho ni mkondo wa mota. Ngoja niinue roboti, magurudumu yaelee, nibonyeze mwendo. Mnaona? Roboti haijageuka hata kidogo, ila pembe inakimbia. Waya mmoja wenye ampea 5, ukiwa sentimita 5 kutoka kwenye sensa, unatoa maikrotesla 20. Ukiukata uga wa kaskazini kwa pembe mraba, dira inahama digrii 34. Na mwendo ukibadilika, kosa nalo linabadilika, kwa hiyo hakuna namba moja ya kutoa.

Dawa ni umbali. Nimeipandisha juu ya kijiti cha plastiki, sentimita 15, kwa skrubu za nailoni, na kosa lile linashuka hadi kama digrii 13. Halafu nikasuka waya wa kwenda na wa kurudi pamoja, mikondo ikafutana, na sasa nikibonyeza mwendo pembe inatikisika tu. Ukihamisha sensa, rudia kalibresheni.

Bado kuna nondo za sakafuni na kabati za chuma, ambazo roboti inapita na kuziacha. Hapa mimi napima ukubwa wa uga, yaani sqrt(x*x + y*y). Ukikaa karibu na 30, naiamini dira. Ukiruka mpaka 40 au kushuka 20, naipuuza kwa muda na pembe naichukua kwa jairoskopu mpaka namba irudi. Hii haikamati kila kitu, kwa sababu chuma kinaweza kugeuza mwelekeo bila kubadili ukubwa, kwa hiyo msiitegemee peke yake mkiwa ndani ya ghorofa.

Kununua? Kwa roboti ya nje, shambani au uwanjani, yenye nafasi ya kijiti, chukua. Kwa kigari kidogo cha kukimbia ndani, mota na sensa zikiwa zimebanana, hela hiyo ongeza kwenye jairoskopu nzuri na enkoda za magurudumu.