TAHADHARI: Ukitumiwa picha za nyumba ya kupanga, tazama soketi kabla ya sofa

Mnaotafuta nyumba ya kupanga Dar huku mkiwa bado mikoani, someni hii kabla hamjatuma kishika uchumba.

Binamu yangu ni muuguzi. Amehamishiwa Dar kutoka Songea na alipewa wiki mbili tu za kuripoti. Akakuta tangazo mtandaoni: nyumba ya vyumba viwili, kimoja masta, ina samani zote, iko Mikocheni, kodi laki nne na nusu kwa mwezi. Anayejua bei za Mikocheni atacheka, lakini mtu wa Songea atajuaje? Dalali akamwambia kuna wateja watatu wanaigombania, kwa hiyo atume laki mbili na nusu za kuishikilia, akifika atamalizia ya miezi sita. Akatuma. Siku ya pili simu ikawa haipokelewi, ya tatu haipatikani kabisa.

Ndipo akanitumia picha. "Kaka, hebu niangalizie, labda unaufahamu mtaa." Mimi ni fundi umeme, mwaka wa 14 sasa nachimba kuta za watu. Picha zilikuwa nne, na mtaa sikuuona. Nilichokiona ni kwamba nyumba ile haipo Mikocheni, na wala si nyumba moja.

Picha ya kwanza ni ya sebule. Sofa la kijani, zulia la ukuta hadi ukuta, mchoro mkubwa wa farasi. Nyuma ya sofa, karibu na sakafu, kuna soketi. Picha ilikuwa na ukungu kiasi kwamba matundu hayaonekani vizuri, lakini kibati chake kilikuwa kirefu kwenda juu, kama karata iliyosimamishwa. Hapo hapo nikajua. Soketi zetu tulizirithi kwa Mwingereza, zile za pini tatu bapa. Ikiwa ya tundu moja, uso wake ni mraba wa kama milimita 86 kila upande. Ikiwa ya mbili, inalala kwa upana, kama milimita 146 kwa 86. Haisimami. Kibati chembamba kilichosimama, kama milimita 70 kwa 114, ni cha Marekani na Kanada. Ukiikuza picha yenye mwanga mzuri unaona na matundu yenyewe: mistari miwili imesimama sambamba na tundu la mviringo chini yake, mara mbili, moja juu ya nyingine. Kama nyuso mbili zilizoshangaa.

Swichi ya taa nayo ilisema hivyo hivyo. Kibati kilekile kirefu, na katikati kijiti kidogo cha kupandisha na kushusha. Yetu ni ya mraba, ina kitufe kipana cha kubonyeza, na mara nyingi pembeni yake kuna kirungu cha kuzungusha cha kupunguza mwendo wa pangaboi. Kule mapangaboi mengi huvutwa kwa kamba. La ile sebule lilikuwa na kamba mbili zinaning'inia.

Mtu ataniambia mwenye nyumba ameishi Marekani akaja na vifaa vyake. Sofa sawa, hata kitanda. Soketi hapana. Soketi ya kule imetengenezwa kwa umeme wa volti 120, wetu ni 230. Hata ukilazimisha, visanduku vinavyochimbiwa ukutani vina umbo jingine, na ukishamaliza utachomeka nini? Pasi ya dukani Kariakoo haiingii. Ndiyo maana naiamini soketi kuliko samani: samani zinasafiri kwa kontena, soketi imezikwa ukutani na inafuata umeme wa nchi.

Picha ya pili, jiko, ilikuwa bara jingine kabisa. Soketi zilikuwa za duara zilizozama ndani kama kikombe, matundu mawili ya mviringo, na vibati viwili vidogo vya chuma kwenye kingo, kimoja juu kimoja chini. Hizo ni za Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya. Dirisha lilikuwa na mkono mmoja na limeinamia ndani kutokea juu, halina grili, halina wavu wa mbu. Na chini ya dirisha, kwenye ukingo wa picha ambako tapeli hakukata vizuri, kilionekana kichwa cha chuma cheupe chenye mapezi. Ni kifaa cha kupashia nyumba joto wakati wa baridi. Mikocheni. Mwezi wa pili.

Sasa msije mkamwita kila dalali mwizi kwa sababu yangu. Dalili hizi zina mipaka, na picha ya tatu ilinionyesha. Chumba cha kulala kilikuwa na soketi ya pini tatu bapa kama zetu kabisa, mraba, na swichi yake pembeni. Lakini hizo hizo ziko Nairobi, London, Dubai na Muscat. Soketi ya namna hiyo haithibitishi Dar, inashindwa tu kuikanusha. Pale hata ningekaa siku nzima nisingesema lolote. Na kwa ndugu zetu wa Bujumbura au Kinshasa, soketi ya duara ni jambo la kawaida, waliachiwa na Mbelgiji. Kwao pini tatu bapa ndiyo ya kutiliwa shaka. Dirisha lisilo na grili pia lisikutishe peke yake, maghorofa mengi mapya ya huku kuanzia ghorofa ya tatu hayaweki. Hoteli na nyumba za wageni huweka soketi zinazopokea plagi za kila aina. Usiichanganye na ya Kimarekani: hiyo ya hotelini ina matundu ya ajabu ajabu yaliyoungana.

Kinachomuumbua tapeli ni kutopatana kwa picha. Nyumba moja hupigwa waya na fundi mmoja, soketi za aina moja toka sebuleni hadi jikoni. Ukikuta aina mbili za nchi mbili ndani ya "nyumba" moja, picha zimeokotwa.

Picha ya nne ilikuwa imegeuzwa kushoto kulia, nadhani ili isipatikane kirahisi kwa kutafuta picha mtandaoni. Saa ya ukutani ilikuwa na 3 upande wa 9, nayo imeandikwa kinyume.

Nilimwambia binamu tujifanye mteja mpya kwa namba nyingine. Tukamwomba jamaa picha mbili tu: mita ya Luku ya nyumba hiyo, na soketi ya jikoni ikiwa na chaja ya simu imechomekwa. Mtu aliye ndani ya nyumba anazipiga kwa dakika moja. Huyu alisema funguo ziko kwa mama mwenye nyumba. Tukasema tutasubiri, atupigie simu ya video akifika pale, afungue na kiboksi cha sakiti breka tukione. Akatublock.

Taarifa polisi tumeshatoa na hela haijarudi. Juzi tangazo limeibuka tena kwa jina jingine, safari hii nyumba iko Njiro, Arusha, kodi laki tatu na nusu. Sofa la kijani, farasi ukutani, soketi imesimama wima nyuma yake.