Picha na sauti za bure kwa gemu ya simu: leseni ipi uanze nayo

Neno "bure" kwenye tovuti linahusu bei tu. Gemu yako ikishawekwa matangazo ni ya biashara, hata kama mchezaji halipi senti, na kila faili iliyomo lazima iwe na leseni inayoruhusu hilo.

Ya kwanza kwetu ni CC0. Mwenye kazi ameachia haki zake: unauza, unakata, unabadilisha rangi, na hulazimiki hata kumtaja. Kwa picha, anzia kenney.nl. Magari, vitufe na vigae vya ardhi vya hapo ni CC0, na kwa kuwa ni mkono mmoja, gemu haionekani ya viraka. Kasoro yake ni kwamba zimetumika mno. Badilisha rangi angalau.

Zinafuata CC BY na OGA-BY, ambazo utazikuta kwenye tovuti ya OpenGameArt. Zote zinaruhusu biashara ukimtaja mwenye kazi. Tofauti ni kwamba CC BY inakataza kufungia kazi hiyo kwa kufuli za kidijitali, jambo linaloleta utata kwenye maduka ya programu. OGA-BY imeondoa sharti hilo, kwa hiyo ukipewa zote mbili chukua hiyo.

CC BY-SA tunaiweka chini: picha uliyoihariri lazima uitoe kwa leseni ileile, na mshindani anaweza kuichukua kihalali. Yenye NC, yaani isiyoruhusu biashara, usiiguse kabisa.

Tuseme gemu ni ya bodaboda na unatafuta mlio wa injini kwenye tovuti ya sauti ya Freesound. Chuja matokeo kwa leseni kabla ya kusikiliza, usije ukaupenda mlio usioweza kuutumia. Usitazame jina la mkusanyiko pekee, maana ndani yake kila sauti ina leseni yake. Kisha soma maelezo ya aliyepakia. Akisema amechanganya mlio wake na wa mtu mwingine, fungua na huo wa pili: ukiwa na NC, CC0 aliyoiandika yeye haikusaidii kitu. Mtu hawezi kuachia haki asiyokuwa nayo. Ndiyo maana pia picha ya mhusika maarufu wa katuni yenye alama ya CC0 ni ya kuikimbia.

Ukipata mlio wa CC BY 4.0, andika hivi kwenye ukurasa wa shukrani ndani ya gemu:

```
"JINA LA SAUTI" - MTUMIAJI
freesound.org/s/NAMBA
CC BY 4.0: creativecommons.org/licenses/by/4.0
Imebadilishwa: imekatwa, imepunguzwa sauti
```

Mstari wa mwisho husahaulika sana, na leseni inaudai.

Siku hiyohiyo ya kupakua, piga picha ya skrini ya ukurasa, leseni na tarehe vikionekana, uihifadhi pamoja na faili. Aliyepakia anaweza kubadilisha leseni baadaye. Hawezi kukunyang'anya ile uliyochukulia, ila duka likikuuliza, wewe ndiye utakayetakiwa kuionyesha.