Photopea kwa kutoa mng'ao kwenye miwani: uzoefu wangu na picha ya mwalimu mstaafu

Mi napiga picha hapa Mbeya, nyingi ni za harusi, kipaimara na za wazee ambao familia inataka picha kubwa ya kutundika sebuleni, na wazee wengi wana miwani. Sasa anga la huku likiwa na wingu jeupe, ukimpiga mtu nje basi kioo cha miwani kinalibeba lile wingu lote na jicho linapotea. Kazi ya kurudisha jicho naifanyia Photopea, ile ya bure inayofunguka kwenye browser, na naipa alama za juu kabisa kwa hii kazi, ila lazima ujue kwanza mng'ao ulionao ni wa aina gani, maana aina mbili hazitibiwi sawa.

Nieleze kwa picha moja. Kuna mama mmoja mwalimu mstaafu wa Tukuyu, anavaa miwani ya kuonea mbali yenye namba kubwa. Kope la juu la jicho lake la kushoto linashuka kidogo, na macho yote yana ule mduara wa kijivu unaozunguka pembeni ya sehemu ya rangi, wazee wengi wanao. Binti yake aliniambia, "Kaka, mng'ao toa, lakini macho ya mama yabaki yaleyale, tusije tukatundika mtu mwingine." Na yuko sahihi kabisa, kuna app za simu unabonyeza kitufe kimoja mng'ao unaondoka kweli, lakini jicho linalobaki limechorwa upya, kope limenyanyuka, mduara wa kijivu umefutwa, na watu wa nyumbani wanaona mara moja kwamba huyu siye.

Kwenye picha ile lenzi ya kulia ilikuwa na utando wa kijani, jicho unaliona kwa nyuma ila limefifia. Ukijani ule unatoka kwenye ile dawa ya kupunguza mng'ao inayopakwa kwenye lenzi, inazuia mwanga mwingi lakini kidogo kinachobaki kinarudi na rangi ya kijani au zambarau. Lenzi ya kushoto ilikuwa na kipande cheupe kabisa kimefunika nusu ya kope la juu na ukingo wa sehemu ya rangi, mboni yenyewe imepona.

Kitu cha kwanza fungua Window > Info halafu tembeza mausi juu ya mng'ao usome namba. Zikisoma 255 kwa R, G na B zote tatu, hapo chini hakuna kitu, kamera haikurekodi jicho, hata uvute slaida gani hutolipata. Zikiwa chini ya hapo jicho lipo, limemwagiwa mwanga tu juu yake, na ulioongezwa unaweza kuupunguza.

Utando wa kijani niliutoa kwa Curves, yaani Layer > New Adjustment Layer > Curves. Mboni ndo kipimo changu, maana inatakiwa iwe karibu nyeusi kwa macho yote mawili. Mboni safi ya kushoto ilisoma R 24, G 20, B 19, ya kulia yenye utando ilisoma R 70, G 96, B 74. Tofauti ni 46, 76 na 55, ona kijani ndo kimezidi. Basi kwenye Curves unachagua rangi moja moja, ile nukta ya chini kushoto unaisogeza kwenda kulia kwa kiasi hicho cha tofauti, nukta ya juu unaiacha palepale ilipo ili ile nukta ya mwanga kwenye jicho isizime. Mboni ilishuka hadi karibu na mwenzake na ule mduara wa kijivu ukatokea wenyewe, sikuuchora mimi. Halafu maski ya hiyo leya unaijaza nyeusi na unapaka nyeupe kwa brashi laini pale penye utando tu, la sivyo ngozi ya shavu inageuka zambarau. Angalia sana weupe wa jicho, ukiona umekuwa mweupe kuliko wa jicho la pili ujue umepitiliza, punguza Opacity ya leya. Jicho la mtu mzima lina unjano kidogo na vimishipa, viache.

Kile kipande cheupe cha kushoto ndo kinataka picha ya pili. Mi nikimpiga mtu mwenye miwani huwa napiga nyingine palepale, taa na kiti visisogee, namwambia "mwalimu, shusha kidevu kidogo tu halafu niangalie mimi", lenzi inainama kidogo na lile wingu linahamia sehemu nyingine ya kioo. Usimvue miwani. Watu wengi wanashauri apigwe bila miwani halafu jicho lipandikizwe, lakini lenzi ya kuonea mbali inafanya jicho lionekane dogo kuliko lilivyo, hata mstari wa shavu ukiuangalia ndani ya lenzi umeingia ndani haujaungana na wa nje. Ukileta jicho lililopigwa bila lenzi linakuwa kubwa kuliko mwenzake na macho yanatoka kama ya mtu aliyeshtuka. Miwani ya kusomea ni kinyume chake, jicho litakuja dogo.

Picha ya pili unaiweka kama leya ya juu, unabadilisha aina ya mchanganyiko kuwa Difference, ambapo sehemu zilizofanana zinakuwa nyeusi. Unasogeza na kuzungusha kidogo kwa Edit > Free Transform (usibonyeze Ctrl+T, browser itakufungulia tab mpya) mpaka mboni na ile kona ya jicho karibu na pua ziwe nyeusi. Usihangaike na fremu ya miwani kulala sawa, kidevu kimeshuka kwa hiyo haitalala, wewe shika jicho. Rudisha Normal, weka maski nyeusi, na upake nyeupe ndani ya kile kipande cheupe tu. Sio jicho zima! Mboni ya mwalimu ilikuwa yake ya picha ya kwanza, nilichokopa ni nusu kope na ukingo kidogo, na kope lilikuja limeshuka vilevile kwa sababu ni lake. Nukta ya mwanga ibaki upande uleule kwa macho yote mawili, zikitofautiana macho yanaonekana yanatazama njia mbili.

Kuhusu Photopea yenyewe, picha inachakatwa kwenye kompyuta yako, haipandishwi kwenye seva, kwa hiyo bando haliliwi na mafaili makubwa na sura ya mteja inabaki kwako. Toleo la bure lina matangazo pembeni yanayokula nafasi ya skrini. Inategemea RAM ya mashine yako, leya zikiwa nyingi kwenye laptop ndogo inakuwa nzito, na kwa kuwa ni tab ya browser uwe unasevu PSD kila hatua.

Kazi ambayo siipokei ni picha moja tu ya zamani iliyoskaniwa, mboni zote ziko chini ya mweupe wa 255 na hakuna picha nyingine ya siku ile. Hapo namwambia mteja nitaufifisha mng'ao kidogo usivute macho ya mtazamaji, lakini mboni siwezi kumwekea.