“Upepo wa Kusi” au “Taarab ya Harusi Lamu”?

Orodha yangu ya Spotify ni ile ile: nyimbo za udi na ngoma nilizokusanya kwa harusi za hapa Lamu. Kilichobadilika ni jina tu.

“Upepo wa Kusi” nalipenda mpaka leo. Lakini bibi harusi anayetafuta nyimbo humo haandiki “kusi”. Anaandika “taarab harusi”. Utafutaji hulinganisha maneno yake na jina la orodha, na “Upepo wa Kusi” halina hata neno moja analolitaka. Litamfaa aliyetumiwa kiungo au anayenijua.

“Taarab ya Harusi Lamu” halina ushairi, ila limebeba aina ya muziki, shughuli na mahali. Nimeweka “taarab” mwanzoni kwa sababu simu hukata majina marefu. Wengine huandika “taarabu”, na tahajia hiyo nimeiweka kwenye maelezo, yenye nafasi ya herufi 300:

“Taarabu za pwani kwa usiku wa hina na kumtoa bibi harusi: udi, ngoma na mashairi ya mapenzi.”

Hiyo ni sentensi ya kusomeka. Kurundika majina ya waimbaji wasiomo humleta msikilizaji asiyekaa.

Nachagua la pili, na upepo wa kusi nimeuhamishia kwenye picha ya jalada. Ukijaribu, tafuta kwa simu ya mtu mwingine, maana yako hukuonyesha kwanza ulivyovizoea. Na hakikisha orodha iko wazi kwa umma.