Eti plagi zangu zina hasara: saiba moja hapa Malindi

Hasira hazijapoa, kwa hivyo nivumilieni. Nina duka la vipuri vya bodaboda hapa Malindi, na bidhaa zangu zote nimezipa kodi mwenyewe: jina la kitu, kistari, kisha bei niliyonunulia. TAIRI-2400, KEBO-350, PLAGI-85. Nilitaka jambo moja tu: zile tarakimu zilizo baada ya kistari zitolewe, ziwekwe safu ya pembeni, nizijumlishe nijue mali iliyoko dukani ni ya pesa ngapi. Nikaipeleka shiti yangu ya Excel kwa saiba moja mjini, jina nawasitiri.

Kijana aliyenipokea alikuwa na simu mkono mmoja na mausi mkono wa pili. Mara ya kwanza jumla ilitoka 0. Namba nazo zote zilikuwa zimeegemea kushoto ya seli, na hapo ndipo pa kujua kwamba Excel bado inaziona kama maandishi, haiwezi kuzijumlisha. Akaongeza VALUE, zikahamia kulia, akanidai pesa, nikalipa. Fomula yenyewe ilikuwa hii:

```
=VALUE(RIGHT(A2,3))
```

Maana yake ni kwamba huchukua herufi tatu za mwisho, basi, iwe kodi ni ndefu au fupi. KEBO-350 ilitoka sawa, na ndiyo aliyonionyesha. Lakini TAIRI-2400 ilitoa 400, ile 2 imeachwa nyuma. Halafu PLAGI-85: herufi tatu za mwisho ni kistari chenyewe pamoja na 85, na Excel ikikiona kistari mbele ya namba hukisoma kuwa ni alama ya kutoa. Ikaandika -85. Vitu vitatu vya shilingi 2,835 vikawa vya 665! Wala hakukuwa na alama yoyote ya kosa kwenye shiti. Namba zimepangika vizuri, na zote ni uongo.

Nikarudi. Namwonyesha ile -85, ananijibu bila kuinua macho kwenye simu: "Mamangu, hiyo ni minas. Maana yake hiyo bidhaa inakutia hasara." Mbele za watu! Plagi ambazo hazikai wiki dukani kabla hazijaisha, leo zinanitia hasara kwa sababu yeye hakuhesabu herufi. Nikamwambia, mwanangu, hasara ni wewe.

Haki ya mtu lakini isemwe. Kulikuwa na binti kwenye kaunta ya nyuma, alisikia zogo akaja, akasema, "Samahani mama, hebu nione." Hakupiga domo. Alifuta ile fomula akaandika hii:

```
=VALUE(MID(A2,FIND("-",A2)+1,20))
```

Akanieleza huku akigusa kioo kwa kidole. FIND inatafuta kistari kiko nafasi ya ngapi. Kwenye KEBO-350 ni ya 5, kwenye TAIRI-2400 ni ya 6. Unaongeza 1 ili uanzie herufi inayofuata, kisha MID inachukua mpaka herufi 20, na zikiwa chache kuliko hizo haigombi, inachukua zilizopo. VALUE inamaliza kwa kuzigeuza namba. Akaivuta mpaka chini, plagi ikawa 85 ya halali.

Mistari michache ilitoa #VALUE!. Nikajua yale yale. Kumbe ni ile niliyonakili kutoka orodha ya msambazaji iliyochapwa kwenye Word, na Word ukiandika kistari chenye nafasi kila upande hukigeuza kuwa kile kirefu. Kwa macho hutofautishi, lakini FIND haikitambui. Binti alikinakili kile kirefu, akabonyeza Ctrl+H, akabadilisha vyote kuwa vifupi. Kosa linalopiga kelele namna hii mimi sina ugomvi nalo. Aliniambia pia kodi ikiwa na vistari viwili, mfano BREKI-NYUMA-350, fomula itaanzia cha kwanza na kugoma, kwa hivyo nisiziandike hivyo.

Nilikuwa nimeweka nyota moja, nikapandisha hadi nne kwa ajili yake. Mkienda, mtafuteni binti, na kabla hamjalipa bonyezeni seli yoyote ya jibu: mkiona RIGHT yenye namba moja ya kudumu na kodi zenu hazilingani urefu, rudisheni pesa mfukoni.

Ila ngojeni. Natoka mlangoni, yule kijana ananiita: "Mamangu, na hiyo kazi ya pili?" Anataka alipwe tena, kwa kurekebishiwa uharibifu wake mwenyewe! Nyota moja. Na hiyo moja ni ya binti.