Mimea ya kunukia uani: uanze na upi, na uupime vipi kabla ya kulipa

Kwa muuza maua wa barabarani kila mche unanukia. Ukishaufikisha nyumbani ndipo unagundua mmoja hunukia usiku tu, mwingine hautoi harufu mpaka uukate, na wa tatu hata si ule uliotajiwa jina lake. Hapa nimeipanga mimea hiyo kwa kigezo kimoja: ni kiasi gani cha harufu kitakachoingia ndani, katika nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam yenye ua mdogo na dirisha la chumba linalofunguliwa jioni. Wa Tanga, Mombasa na Unguja nao watajikuta humu.

1. Asumini

Kama pesa inatosha mche mmoja tu, nunua asumini. Ni ile ile inayotungwa vikuba pamoja na mrehani na kilua, na sababu ya kuiweka ya kwanza ni saa zake. Vitumba vyake hufunguka jua linapozama, harufu inapanda usiku, na asubuhi maua yanaanza kuchoka na kudondoka. Yaani inanukia wakati watu wamerudi kutoka kazini na madirisha yako wazi. Halafu haihitaji eneo: inakaa hata kwenye chungu kikubwa barazani, mradi ipate jua kwa muda wa saa sita hivi kwa siku. Kivulini itakupa majani mazuri na maua ya kuhesabu.

Shida yake ni kwamba jina "asumini" hubandikwa kwenye miche mingi yenye maua meupe. Kwa hiyo usitazame ua pekee, tazama jani. Asumini ya kweli ina majani mazima, ya mviringo kidogo, yanayokaa mawili mawili yakitazamana kwenye tawi. Kata jani moja: likitoa utomvu mweupe kama maziwa, rudisha mche huo, ni mti mwingine wenye maua ya kuzunguka kama feni na harufu hafifu. Ukiona jani moja limegawanyika kuwa vijani vidogo vidogo vingi, hicho ni kichaka kinachopandwa sana kuwa uzio. Kinanukia vizuri kinapochanua, lakini huchanua kwa misimu na si ulichokuja kununua.

Nenda kununua alasiri, si asubuhi. Chagua mche wenye vitumba vilivyonenepa na kuwa vyeupe, omba uchume kimoja, kitie mfukoni. Magharibi kitakuwa kimefunguka na utajua unachokilipia. Kisha geuza majani uangalie chini. Pamba nyeupe kwenye maungio ya matawi ni vidung'ata. Utando mwembamba na vidoa vya njano ni utitiri. Vyote viwili vitahamia kwenye mimea yako mingine. Mwisho tazama kitako cha kiriba: mizizi michache iliyochungulia ni dalili njema, ila mizizi minene iliyotoboa na kuingia ardhini itakatika mche ukiinuliwa, nao utanyauka wiki nzima.

Kuna yenye petali za safu moja na kuna iliyofungamana kama waridi dogo. Hiyo ya pili ni nzuri kwa macho na muuzaji ataitajia bei ya juu. Mimi ningechukua ya safu moja, kwa kuwa inakua haraka na inachanua kwa wingi zaidi. Vilevile usishawishike na mche mkubwa uliorefuka. Mdogo wenye matawi matatu manne tangu chini utaupita.

Asumini huchanua kwenye machipukizi mapya. Mkupuo wa maua ukiisha, punguza matawi kwa theluthi moja, weka samadi iliyooza, na mwagilia. Asiyeikata hupata kamba ndefu zenye maua machache kwenye ncha. Na anayeilisha samadi ya kuku kila mara hupata kichaka cheusi kwa ukijani, bila ua.

Pa kuipanda kuna hesabu yake. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kusi hutoka kusini na kusini-mashariki. Upande wa mashariki wa nyumba ndio unaopokea upepo wa bahari wa jioni karibu mwaka mzima. Tuseme una chumba chenye dirisha la mashariki na ukanda wa mita tatu mpaka ukutani: panda asumini mbili, mita moja kati yao, mita moja na nusu kutoka dirishani. Upepo utaleta harufu ndani. Ukizipanda magharibi, jioni jirani ndiye atakayefaidi.

2. Franjipani

Huu ni ule mti wenye matawi manene yenye makovu, unaopandwa sana misikitini, makaburini na kwenye hoteli. Nao harufu yake huzidi usiku, kwa sababu unawaita nondo. Nimeuweka wa pili kwa kuwa unataka nafasi, mita tatu hivi kutoka ukutani, na aina nyingi hupukutisha majani wakati wa ukavu.

Uzuri ni kwamba si lazima ununue mche. Tafuta mti ambao harufu yake umeipenda, nusa kwanza, maana miti hii haifanani, na mara nyingi yenye maua meupe yenye moyo wa njano huishinda myekundu. Omba tawi la sentimita 30 hadi 45. Litakua na harufu ile ile ya mama yake. Mbegu haikupi hakika hiyo. Ondoa majani, acha tawi kivulini wiki moja hadi mbili mpaka kidonda kikauke, ndipo ulichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na udongo. Wengi huliua hapa kwa huruma: wanalimwagilia kila siku nalo linaoza. Bonyeza kitako, kikiwa laini, limekwenda. Maji kidogo sana mpaka majani yatokeze. Utomvu wake huwasha ngozi, basi nawa mikono.

3. Mchaichai

Harufu ya mchaichai imefungiwa ndani ya jani. Haiji mpaka jani likatwe au lisuguliwe, kwa hiyo kuupanda chini ya dirisha ni kupoteza mahali. Panda kando ya njia ya kwenda bombani, nafasi ya sentimita 60, ambapo kanga na suruali zitaugusa kila zinapopita. Muuzaji akikuambia kichaka hicho kitafukuza mbu, mwache aseme. Kimesimama tu hakifukuzi. Mafuta ya kufukuzia mbu hukamuliwa hasa kutoka kwa ndugu zake wa karibu.

Hauna haja ya kitalu. Nunua sokoni mashina yenye kitako kizima, si fungu la majani, simamisha kwenye glasi ya maji mpaka mizizi itoke, kisha panda. Baada ya miezi mitatu minne utaanza kuchuma wa chai.

Ambayo ningeiacha dukani

Mlangilangi una harufu ya kulevya, lakini ni mti wa kupita paa. Ununue kama una uwanja na uko tayari kuukata kilele ubaki kimo cha kufikia.

Malkia wa usiku ndio unaouzwa kwa maneno mengi kuliko yote. Harufu yake ni nzito kiasi kwamba wengine hushikwa na kichwa wakilala karibu nayo, na majani na matunda yake yana sumu. Nyumba yenye mtoto anayetambaa au mbuzi anayefunguliwa, usiulete.